Faili la GB 2 limebadilishwa jina, Dropbox imemaliza papo hapo. Limepanda kweli?

Karani wa Agroveti, Nakuru
Hamjambo wadau. Naweka hesabu za duka la pembejeo hapa mjini. Data yote imo kwenye faili moja, hesabu.db, karibu GB 2, ndani ya folda ya Dropbox. Jana nimelibadilisha jina likawa hesabu_zamani.db, na alama ya kijani ikarudi kabla sijaondoa mkono kwenye kipanya. Lakini kila jioni nikilibana kuwa .zip ili niweke nakala ya siku, linapanda usiku kucha na bando linaisha. Mwajiri anataka niifute nakala iliyo kwenye kompyuta. Naogopa. Je, huko kwenye seva kuna faili kamili au jina tu?

Bwana Njoro
Usiwe na shaka. Ukibadilisha jina, Windows huiarifu programu ya Dropbox, nayo hutuma jina jipya tu. Huduma nyingi hufanya hivyo.

Fundi Kondele
Bwana Njoro, hiyo ni kweli programu ikiwa imewashwa. Ikiwa ilikuwa imezimwa, ikiamka inaona faili moja limepotea na jingine limezuka. Hapo italisoma lote upya. Utaona diski inahangaika kwa dakika kadhaa huku mtandao umetulia, na hiyo ndiyo dalili kwamba inakagua, haipakii.

Karani, Dropbox hulikata faili katika vipande vya MB 4. Lako la GB 2 ni vipande 512. Kila kipande hukokotolewa alama yake ya SHA-256 kutokana na yaliyomo, kisha programu huipelekea seva orodha ya alama hizo na kuuliza ni vipi haina. Jina halimo ndani ya vipande, limeandikwa pembeni pamoja na orodha. Kwa hiyo jana seva ilikuwa na vyote 512, na hakuna kilichosafiri.

Ukiingiza ankara, databesi hurekebisha kurasa chache palepale zilipo. Zikiangukia vipande 10, mzigo hauzidi MB 40. Ukibana, mambo hugeuka. Badiliko dogo karibu na mwanzo husogeza kila kinachofuata, na hakuna kipande kinachofanana na cha jana. Ndiyo maana .zip inakula usiku kucha.

Mpigapicha wa Milimani, Kisumu
Mbona mimi nikibadilisha jina la video ya harusi inapanda yote upya? Nabofya faili, naenda kwenye sifa zake, naandika majina ya maharusi mahali pa kichwa. Situmii Dropbox lakini.

Fundi Kondele
Dada, hicho kichwa si jina la faili. Kimeandikwa ndani ya MP4 yenyewe, na mara nyingine maelezo hayo hukaa mwanzoni, kabla ya picha. Yakirefuka kwa herufi chache, video nzima inasogea. Badilisha jina lenyewe kwa F2 uone tofauti.

Mwalimu wa Kakamega
Programu ya kunakili faili ya rsync hutambua vipande hata vikisogea, kwa sababu hutafuta baiti kwa baiti. Huenda ya dada nayo inafanya hivyo.

Fundi Kondele
Kama ingekuwa inafanya hivyo, asingelalamika. Ila kuna huduma zisizokata vipande kabisa, zinapakia lote kila likiguswa. Dada, weka faili kubwa la maandishi, ongeza mstari mmoja mwishoni, uangalie mtandao unatumika kiasi gani.

Karani wa Agroveti, Nakuru
Asante, fundi. Nitahakikishaje kabla ya kufuta?

Fundi Kondele
Funga programu ya hesabu kwanza, maana faili lililo wazi linaweza kupanda likiwa nusu limeandikwa. Alama ya kijani ikirudi, lipakue kupitia tovuti, si kupitia folda ya kompyuta nyingine ofisini, kwa kuwa mashine zilizo kwenye mtandao mmoja huweza kupeana vipande zenyewe. Kisha endesha amri hii kwa yote mawili:

```
certutil -hashfile hesabu_zamani.db SHA256
```

Herufi zote zilingane. Usilinganishe na `content_hash` ya Dropbox, hiyo hukokotolewa kutoka kwenye alama za vipande na haitafanana kamwe.

Na nakala ya jioni, acha kubana. Nakili tu kwa jina lenye tarehe. Vipande vingi seva tayari inavyo, vitakavyopanda ni vya leo.

Karani wa Agroveti, Nakuru
Na nafasi kwenye akaunti?

Fundi Kondele
Hapo ndipo penye gharama. Kila nakala inahesabiwa GB 2 kamili hata kama imepakia MB 40. Zungumza na mwajiri mnataka kuweka za siku ngapi.

Bwana Njoro
Mimi bado ningebana. Bando hujazwa tena, nafasi ya akaunti hulipiwa kila mwezi.