Kichwa cha video ya somo la Kiswahili: lugha mbili pamoja, au tafsiri pembeni?

Chaki_Nyeupe
Wakuu, heshima kwenu. Nina video ya somo la ngeli ya A-WA, naipandisha YouTube Ijumaa. Nataka wageni wanaotafuta kwa Kiingereza waipate. Niandike kichwa kimoja chenye lugha zote mbili, au niache cha Kiswahili kisha niweke tafsiri ya Kiingereza kwenye sehemu ya lugha ndani ya YouTube Studio?

Mzee_wa_Tagi
Kichwa hakina neno. Jaza tagi mpaka herufi 500 ziishe, Kiswahili na Kiingereza. Umemaliza.

Dada_Kasuku
Mwalimu, hujasema unafundisha kwa lugha gani. Mgeni akikuta Kiswahili kitupu bila manukuu atatoka mapema, hata kichwa kiwe kizuri vipi. Na watazamaji wako wa sasa wako wapi?

Mzee, YouTube wenyewe wanasema mchango wa tagi ni mdogo. Zinasaidia hasa pale watu wanapokosea tahajia. Weka "swahilli" na "kiswaili", inatosha. Usimshauri azirundike kwenye maelezo pia, maana hilo linavunja sera na video inaweza kuondolewa.

Chaki_Nyeupe
Samahani dada. Nafundisha kwa Kiswahili, manukuu ya Kiingereza nimeshaandika. Watazamaji wengi ni wanafunzi wa hapa Tanzania, wageni bado wachache.

Fundi_Vichwa
Basi tafsiri pembeni peke yake haitakutosha. Kichwa kinachoonyeshwa hufuata lugha ya mtazamaji, hakifuati lugha ya maneno aliyoandika kutafuta. Mjerumani ambaye YouTube yake iko kwa Kijerumani, hata akitafuta kwa Kiingereza, ataonyeshwa kichwa chako cha asili, "Ngeli ya A-WA", naye atapita. Na mwanafunzi wako wa Dodoma, ambaye simu yake iko kwa Kiingereza kama simu nyingi za huku, ataona kichwa cha Kiingereza adhani somo si lake.

Mimi ningefanya kichwa cha asili kiwe hiki:

```
Swahili Noun Classes: M-WA (mtu/watu) | Ngeli ya A-WA
```

Ni herufi 53. Kikomo ni 100, ila simu hukata mapema, kwa hiyo maneno ambayo mgeni anatafuta yatangulie. "Title and description language" weka Kiingereza, halafu ongeza tafsiri ya Kiswahili inayoanza na ngeli.

Ila usiguse "Video language", iache Kiswahili. Hapa ndipo wengi huharibu. Wanaona wameandika kichwa kwa Kiingereza, wanabadilisha zote mbili. Mtambo wa manukuu ya moja kwa moja unaambiwa sauti ni Kiingereza, unaanza kusikiliza "watoto wanacheza" na kutafuta maneno ya Kiingereza yanayofanana nayo. Mgeni akiwasha manukuu hayo anasoma upuuzi mtupu, na mwenye video hajui kwa sababu yeye hayawashi. Dalili yake ni kuona "English (automatic)" kwenye orodha ya manukuu ya somo la Kiswahili.

Mzee_wa_Tagi
M-WA imetoka wapi tena? Shuleni ni A-WA!

Fundi_Vichwa
Ni kweli, sisi tunafuata upatanisho: mtoto analia, watoto wanalia. Vitabu vingi vya wageni hufuata kiambishi cha nomino, ndiyo maana kwao ni M-WA. U-I yetu kwao ni M-MI, LI-YA ni JI-MA, I-ZI ni N. KI-VI ndiyo inayofanana. Ukitafsiri neno kwa neno, mgeni mwenye kitabu chake mkononi hakupati.

Bi_Zeituni
Wanangu, mimi ni wa mapishi. Hiliki nayo niiandike kwa Kiingereza?

Dada_Kasuku
Ndiyo bibi, kwenye mstari wa kwanza wa maelezo, kando ya jina letu.

Fundi, kichwa chako nina neno nacho. Akiwa na masomo kumi ya ngeli, yote yanaanza "Swahili Noun Classes:", na kwenye orodha ya simu tofauti ndiyo inayokatwa. Aanze na "M-WA Class in Swahili".

Fundi_Vichwa
Anayeanza hajui M-WA ni nini, hawezi kuitafuta. Tofauti iandikwe kubwa kwenye picha ya jalada.

Dada_Kasuku
Picha haisomwi na anayetafuta kwa maneno.

Chaki_Nyeupe
Ahsanteni. Nimeweka pia sura kwenye maelezo, kwa lugha mbili, lakini hazitokei. Ya kwanza inaanza 0:45.

Dada_Kasuku
Lazima ianze 00:00, ziwe angalau tatu, na kila moja isipungue sekunde 10. Andika ya kwanza "00:00 Salamu / Greetings".

Mzee_wa_Tagi
Na kwa nini "Swahili" badala ya "Kiswahili"? Tunajidharau.

Fundi_Vichwa
Mzee, wao ndio wanaoandika hivyo. "Kiswahili" weka kwenye maelezo, watakuwepo wanaoijua.

Mzee_wa_Tagi
Bado sijaridhika.