Baa za Nairobi, acheni kutuharibia stauti ya mkebe!

Nimekasirika, nasema wazi. Jana usiku Westlands niliagiza stauti ya mkebe, ile yenye kimpira ndani. Weita akauchomoa kwenye kreti, haujaonja friji, akaufungua hapo kaunta. Povu likaruka mpaka kwenye trei. Kilichobaki akanimiminia kidogo kidogo kwenye glasi ya soda. Namuita meneja, ananiambia ndivyo bia hiyo ilivyo.

Sivyo! Kile kimpira cha plastiki kina kitundu chembamba sana. Kiwandani, kabla mkebe haujafungwa, hutiwa tone la naitrojeni ya maji. Likigeuka hewa, mgandamizo hupanda, hewa na bia kidogo vikaingia kwenye kimpira. Ukifungua, mgandamizo hushuka ghafla na kimpira kinatema kwa nguvu kila kilichomo. Hapo ndipo viputo vidogo vidogo vinapozaliwa kwenye bia nzima. Naitrojeni ni ngumu kuyeyuka kwenye bia, ndiyo maana povu lake ni laini na halikimbii. Lakini kimpira hutema mara moja tu! Ukifungulia kaunta ukaenda kuhudumia meza nyingine, kazi imeisha.

Mkebe ukae friji saa 3 au zaidi, na usitikiswe. Ule wa mililita 440 unataka glasi ya 568, iliyosuuzwa vizuri, maana mafuta na sabuni huua povu. Fungua, mlio ukitulia inamisha glasi, mimina yote kwa mkupuo mmoja huku ukiisimamisha inapojaa. Utaona rangi ya kahawia na viputo vikishuka pembeni mwa glasi. Ngoja kama dakika 2, iwe nyeusi, krimu juu. Hiyo ndiyo niliyolipia.

KijanaWaUmoja: Pole kaka. Lakini si kimpira ni cha kukoroga? Mimi hutikisa kwanza.

NyumaYaKaunta: Usitikise, bro, itakurukia shati. Bia yenye joto nayo haishiki hewa, ndiyo maana ya mwenye uzi iliruka. Kusema kweli, baa nyingi friji hazitoshi, lager zinajaza kila kitu. Wateja wenyewe wanaitisha "moto."

MamaWawili: Mimi hunywa ya chupa kila Jumamosi na sijaona krimu hata siku moja. Kumbe naibiwa?

NyumaYaKaunta: Hapana, mama. Chupa tuliyoizoea hapa haina kimpira. Hewa yake ni kaboni dayoksaidi, ndiyo inayochoma ulimi, na pombe yake ni kali zaidi. Hata uimimine vipi haitakupa krimu hiyo.

KijanaWaUmoja: Sasa baridi kiasi gani? Friji yangu ikishuka digrii 3 naona ladha ya kuungua inapotea.

NyumaYaKaunta: Mimi naipenda kwenye 6. Bosi wangu anataka baridi ya kuuma meno. Tunabishana kila zamu.