Plasmidi haitoki, ninunue seti ya kolamu? (Bukavu)

MwanaIbanda
Jambo wakubwa. Niko Bukavu, kwenye kazi ya mwisho wa masomo. Natakiwa kutoa plasmidi ya pUC19, ile pete ndogo ya DNA, ndani ya bakteria E. koli kwa njia ya soda, iliyoanza na Birnboim na Doly mwaka 1979: suluhisho la kwanza mikrolita 100, la pili lenye soda na sabuni ya SDS 200, la tatu lenye potasiamu 150, kisha etanoli ya kushusha DNA. Vijidudu vinaota vizuri kwenye mchuzi wenye ampisilini, lakini kwenye jeli naona kamstari kembamba, na siku nyingine sioni kitu. Mwalimu anangoja. Nafikiria kununua seti ya kolamu ya kusafishia DNA, ipitie Rusizi. Ipi ni nzuri na bei yake si kali?

Bagira_Mzee
Mwanangu, zamani tulifanya yote kwa mkono na kazi ikatoka. Ninyi jambo likikaza kidogo mnakimbilia boksi. Fanya taratibu, usiwe na pupa.

NyaweraKwetu
Kaka, ukitia suluhisho la tatu, unaona vipande vyeupe kama maziwa yaliyokatika? Ukiviona, jua seli zimepasuka, na tatizo liko kwenye etanoli. Hata mimi nilihangaika hivyo: nilikuwa namwaga etanoli pamoja na mashapo, maana hayaonekani. Weka alama upande wa nje wa kichupa, ujue yatakaa wapi.

MwanaIbanda
Vyeupe vipo, tena vingi. Na mashapo nayalinda. Ndiyo maana nasema njia yenyewe ndiyo mbaya.

YayaMuhungu
Nyawera, la alama ni kweli. La vyeupe, hapana. Chukua kichupa kisicho na seli hata moja, changanya suluhisho la pili na la tatu: vyeupe vitatokea vilevile, kwa sababu SDS ikikutana na potasiamu inaganda. Seli zikiwemo, ule mgando unashuka na protini na DNA ya kromosomu. Kwa hiyo vyeupe havitoshi kukwambia seli zimefunguka.

Ibanda, nijibu matatu. Suluhisho la kwanza lina kimeng'enya cha kula RNA? Chini kabisa ya jeli unaona ukungu? Na ukishatia la pili, kichupa kinakuwaje kabla hujatia la tatu?

MwanaIbanda
Kimeng'enya kimeisha, sijatia. Ukungu sijauona. Baada ya la pili kinabaki na utusitusi, kinatiririka kama kawaida. Lakini yaya, swali langu ni la seti. Nimekwisha toa avansi.

YayaMuhungu
Avansi tutaizungumza. Pale hukutia kimeng'enya, seli zikifunguka, RNA lazima ijae chini ya jeli, pana na yenye kung'aa kuliko plasmidi yenyewe. Isipoonekana kabisa, kuna mambo mawili: ama umemwaga mashapo kama Nyawera, ama seli hazikufunguka. Na utusitusi ule unanisukuma kwenye la pili. Seli zikifunguka vizuri, kimiminika kinang'aa na kuwa kizito. Ukiinamisha kichupa kinajivuta polepole, kwa sababu DNA ya kromosomu imetoka.

Suluhisho lako la pili lilitengenezwa lini, na nani?

MamaSabuni_Goma
Samahani naingilia, mimi natengeneza sabuni ya mawese, hayo ya plasmidi siyajui. Kama hiyo soda ni ileile soda kostiki yetu, usiiache wazi. Inanyonya maji ya hewa, inalowana, halafu inashikwa na ukoko mweupe. Ukipima kilo ileile, sabuni haishiki, inabaki na mafuta juu. Mteja wangu mmoja alirudisha karatoni nzima. Sasa nanunua kidogo, nafunga kwenye ndoo yenye kifuniko.

NyaweraKwetu
Mama, huku watu wanazungumza vijidudu.

YayaMuhungu
Mwache mama, amegusa penyewe. Ibanda, umri wa chupa.

MwanaIbanda
Niliikuta kwenye labo. Waliotangulia waliiacha nusu, na tarehe ilifutika. Mdomoni ina ukoko mweupe, lakini nilipima kwa karatasi ya pH ikawa buluu kali. Soda haiozi. Ndiyo maana sikuitaja.

KadutuMkweli
Hapa nasita. Mwanzo vijidudu "vinaota vizuri", lakini mtaa wetu umeme unakatika karibu kila usiku. Kifaa cha kutikisa kinafanya kazi kwa nini? Na mtu ana chupa isiyo na tarehe halafu tayari ana pesa ya kolamu? Naona hadithi imetungwa, mtu anataka afanyiwe TP.

Bagira_Mzee
Hata mimi nilianza kujiuliza.

MwanaIbanda
Labo ina jenereta, inazimwa saa nne usiku, basi vichupa vinabaki kimya hadi asubuhi. Asubuhi mchuzi ni mzito, na mililita 1.5 zinatoa tonge la kutosha. Pesa ni ya mjomba. Sina cha kuongeza.

YayaMuhungu
Mkweli, hata kama ametunga, jibu litamfaa mwingine. Tuendelee.

Karatasi ya pH haitakuokoa. Soda ikila hewa ya ukaa, sehemu yake inageuka kabonati, na kabonati nayo inageuza karatasi kuwa buluu. Lakini kutenganisha nyuzi mbili za DNA kunahitaji pH ya 12 na zaidi. Ukoko ule mdomoni ndio kabonati yenyewe.

La kwanza linaandaa tu: EDTA iliyomo inanyang'anya magnesi, ambayo ndiyo inakaza ukuta wa nje na kuamsha vimeng'enya vya kukata DNA. Kazi ngumu ni ya la pili. SDS inavunja utando, soda inatenganisha nyuzi. Nyuzi za plasmidi ni pete mbili zilizopitana, haziachani, kwa hiyo la tatu likirudisha pH chini zinakutana tena haraka. Za kromosomu zinakosana, zinashuka na ule mgando. La pili likidhoofika, hakuna kinachotoka, na etanoli haina cha kukusanya.

Tengeneza mililita 10 leo: mikrolita 200 za soda ya normali 10 iliyotengenezwa sasa, mililita 1 ya SDS ya asilimia 10, maji mililita 8.8. Asubuhi ya Bukavu SDS inaganda kwa baridi, ipashe moto kidogo hadi ing'ae. Geuza kichupa taratibu, usikitikise kwa nguvu, na usizidishe dakika 5, la sivyo plasmidi yenyewe itaharibika isirudi.

Kuhusu seti: itafanya kazi, kwa kuwa inakuja na la pili lake jipya. Kolamu inachukua nafasi ya etanoli tu, upasuaji wa seli ni huuhuu wa soda. Ukiliacha wazi, nalo litakufa hivihivi.

MwanaIbanda
Nimefungua soda mpya. Baada ya la pili kichupa kimeng'aa na kujivuta. Kwenye jeli ukungu wa RNA umejaa chini, na juu mstari wa plasmidi upo wazi. Si mnene kama nilivyotarajia kwa pUC, lakini upo. Muuzaji anasema avansi hairudi, kwa hiyo nachukua seti.

KadutuMkweli
Kama si mnene, mimi bado nashuku ule usiku bila kutikiswa. Na weka picha ya jeli.

NyaweraKwetu
Au ampisilini imechoka, nusu ya seli hazina plasmidi. Otesha tena kutoka koloni moja, kwenye ampisilini mpya.

YayaMuhungu
Yote mawili yanawezekana. Anza na la Nyawera, ni rahisi zaidi. Chupa ya zamani imwage, usiirudishe kabatini.