Ushauri: mteja wangu wa kwanza anataka bei leo, nimtajie ngapi?

Mtafutaji: Wadau, habari zenu. Nimepata mteja wa kwanza wa masoko ya mtandaoni, ana duka dogo la vipodozi. Anataka machapisho 12 kwa mwezi, pia niwe namjibia meseji za wateja. Nitoze kwa saa au kwa mwezi?

Chachandu: Toza kwa kilo.

MamaKeki: Mdogo wangu, mimi wa kwanza nilimfanyia bure ili anitangaze. Kanitangaza kweli, waliokuja wote walitaka bure.

Mhasibu Mstaafu: Anza na hesabu ya saa. Chapisho moja, picha na maneno hadi marekebisho, tuseme saa 2. Kwa 12 ni saa 24. Meseji, saa 1 kila siku, zinafika 30. Hicho ulichokitaja kama nyongeza ndicho kinachokula muda. Kitenganishe, kiwe na bei yake. Na pesa ya matangazo ya kulipia inatoka wapi?

Mtafutaji: Hilo tutaliona mbele ya safari.

Mhasibu Mstaafu: Hapana, lijibu.

Mtafutaji: Sawa. Nilishamtajia bei moja ya mwezi, matangazo humo humo, nalipia kwa kadi yangu. Angeona gharama nyingi angekimbia. Na ni mtu mwaminifu.

Chachandu: Kumbe bei ilishatoka! Sasa ulikuwa unauliza nini?

Kijana Msomi: Rahisi tu. Chukua asilimia 10 ya pesa ya matangazo.

Mhasibu Mstaafu: Hiyo inafaa bajeti ikiwa nene. Kwa duka dogo haifidii hata muda wa kuyasimamia. Mtafutaji, tangazo likifanya vizuri atakwambia ongeza, na kila nyongeza itatoka kwenye ujira wako. Likidorora utabana ili ubakiwe na chochote, naye atauliza wateja wako wapi. Akaunti ya matangazo iwe yake, kadi yake, wewe akupe ruhusa ya kuisimamia tu. Mwandikie leo: ada ni ya machapisho 12, marekebisho mara 2 kwa kila moja, nusu ilipwe kabla hujaanza.

Mtafutaji: Nikigeuza sasa nitaonekana mbabaishaji. Acha mwezi huu upite.

Mhasibu Mstaafu: Basi angalau mwandikie kiwango cha juu cha matangazo kilichomo kwenye hiyo bei. Kikiisha, analipia mwenyewe.

Jicho la Tatu: Subirini. Juzi huyu huyu alikuwa anafundisha watu humu namna ya kupata wateja 20. Leo ana wa kwanza? Hii ni chai.

Mtafutaji: Ule uzi aliandika kaka yangu, akaunti tunatumia wote.

Chachandu: Na kadi mnatumia wote?

Jicho la Tatu: Weka picha ya mazungumzo yenu, jina lake lifiche.

MamaKeki: Hata kama ni chai, hilo la kadi limenigusa. Mhasibu, mtu ukishamlipia tayari, unamdai vipi?