Tupeane uzoefu: tukio la nusura ulilolinyamazia, na unavyowaeleza wageni wa maabara

Mleta mada

Wakuu, habari za kazi. Pale kazini mimi ndiye ninayewapa watu wapya mafunzo elekezi ya siku ya kwanza. Zamani nilianza na orodha: koti, miwani, marufuku kula, mlango wa dharura uko kule. Wanasikiliza, wanasaini, na wiki ya pili unamkuta mtu anashika kitasa cha mlango na glavu alizoshikia kemikali. Siku hizi naanza na kisa changu mwenyewe, na ningependa kusikia vyenu.

Nilikuwa na miezi miwili tu kazini. Tulikuwa tunaosha vyombo vya kioo kwa asidi ya naitriki, ile kali ya asilimia 65 hivi. Ndani ya kabati la kuvuta mvuke kulikuwa na chupa ya kahawia ya lita 2.5, na lebo yake ilikuwa na neno moja tu: TAKA. Nikamimina humo asidi niliyokwisha kuitumia, nikakaza kifuniko, nikaendelea na kazi nyingine. Baada ya kama nusu saa nikaisikia inazomea kwenye kifuniko. Kuigusa, ina joto. Nikalegeza kifuniko, ikatoa hewa kwa nguvu, ukafuata mvuke wa rangi ya kahawia, kisha ikatulia. Kumbe mtu alikuwa ameacha mabaki ya ethanoli mle ndani.

Sikumwambia mtu. Niliogopa kuulizwa kwa nini nilimimina bila kujua kilichomo.

Siku 11 baadaye mwenzangu alifanya kitu kile kile, kwenye chupa nyingine yenye lebo ile ile. Ilipasuka wakati dada mmoja anapita mbele ya kabati, na kioo cha kabati kilikuwa kimeinuliwa nusu. Vipande vilimchana mkono, akashonwa. Macho yake yalinusurika kwa sababu alikuwa amevaa miwani ya kinga. Nilikuwepo, na nilijua kabla ya wote kilichotokea.

Nawaeleza wageni kisa hiki chote, pamoja na sehemu ya kunyamaza. Je, ninyi kuna tukio mlilolinyamazia? Na kwenu mnawafanyaje wageni waseme?

Benchi la Tatu

Pole sana mkuu. Sisi hilo tulilimaliza kwa kanuni moja rahisi ambayo mgeni hawezi kuisahau: asidi kwenye chupa ya asidi, besi kwenye chupa ya besi, viyeyushi kwenye chupa ya viyeyushi. Chupa zina rangi tofauti. Mtu akifuata rangi hakosei.

Fundi Sanifu Mstaafu

Benchi la Tatu, kanuni yako ina nusu ya ukweli, na nusu iliyobaki ndiyo inayopasua chupa. Asidi ya asetiki ni asidi, sivyo? Mgeni wako ataifuata rangi na kuimimina juu ya asidi ya naitriki. Asetiki ina kaboni, na naitriki kazi yake ni kuunguza vitu vyenye kaboni. Kwake ethanoli, asetoni na asetiki ni kuni tu. Kwa hiyo naitriki ipewe chupa yake peke yake, isichanganywe hata na asidi wenzake wenye asili ya kaboni. Chupa iliyowahi kubeba kiyeyushi isitumike tena kwa naitriki, hata kama imesuuzwa.

Jambo ambalo wageni hawaambiwi ni kuchelewa. Mchanganyiko huo unaweza kukaa kimya dakika kadhaa, hata saa kadhaa, halafu ukaanza kuchemka kwa kasi inayojiongeza yenyewe. Mtu anamimina, anatazama, haoni kitu, anakaza kifuniko, anaenda nyumbani. Anayeumia ni mwingine kabisa. Ndiyo maana tulihamia kwenye vifuniko vinavyopumua, na tukaacha kujaza chupa hadi shingoni.

Halafu mleta mada, niruhusu niseme: kulegeza kile kifuniko lilikuwa kosa la pili, na wageni wako wasije wakaliiga. Uliinamia chupa iliyokuwa karibu kupasuka. Chupa ikizomea au ikiwa na joto, shusha kioo cha kabati, waondoe watu, uite msaada. Na ule mvuke wa kahawia ni nitrojeni dioksidi. Aliyeuvuta anaweza kujisikia mzima, kisha mapafu yakaanza kujaa maji saa nyingi baadaye. Aende kwa daktari siku hiyo hiyo, aseme amevuta nini.

Mleta mada

Hilo la kifuniko nimelipokea. Nimekuwa nikilisimulia kana kwamba ndilo lililoniokoa. Kuanzia kundi lijalo litakaa kwenye makosa.

Zamu ya Usiku

Mimi sikubaliani kabisa na mstaafu. Kuna siku nilikuwa peke yangu, chupa imeanza tu kupumua, bado ya baridi. Nilishusha kioo, nikapitisha mikono chini yake, nikalegeza taratibu. Ningeiacha ingepasuka. Kila hali ina uamuzi wake.

Fundi Sanifu Mstaafu

Ilikuwa ya baridi ulipoigusa. Sekunde 30 baadaye ingekuwaje, hukuwa na namna ya kujua. Nakubali kwamba mtu mwenye miaka 20 kazini anaweza kupima. Mtu wa siku ya kwanza siwezi kumfundisha hivyo. Lakini hilo la kuwa peke yako usiku nalo ungeliandikia taarifa.

Mama wa Sampuli

Mimi niko maabara ya hospitali, kwetu hatari kubwa ni damu. Nami nina tukio la nusura. Nilikuwa narudishia kifuniko cha sindano baada ya kuchukua sampuli, ikanichoma kidole. Nilifinya damu, nikaosha, nikaendelea na foleni. Baada ya miezi mitatu nikapima, niko salama. Namshukuru Mungu. Sikuwahi kulisema mpaka leo.

Msimamizi wa Zamu

Mama wa Sampuli, pole, na asante kwa kulisema. Lakini hiyo haikuwa nusura. Sindano ilitoboa ngozi, basi hilo ni jeraha, na lina saa yake. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa zianze haraka iwezekanavyo, na zisivuke saa 72. Ukinyamaza siku tatu mlango huo umefungwa. Na kufinya kidole hakusaidii, osha kwa maji na sabuni basi. Nusura ingekuwa sindano imetoboa glavu na ngozi ikabaki nzima, au umeikuta sindano wazi kwenye ndoo ya taka za kawaida.

Kwenye mafunzo elekezi natumia mifano kama hiyo kutenganisha mambo matatu. Chupa isiyo na lebo kamili ni hali ya hatari, hata kama hakuna kilichotokea. Chupa iliyozomea ikatulia ni nusura. Mkono uliochanwa ni ajali. Yote matatu yanaandikwa, na mgeni akikosea kuchagua kundi hakuna neno, sisi tutapanga.

Mama wa Sampuli

Hizo saa 72 nilizijua. Niliogopa kupimwa. Hilo halimo kwenye fomu yoyote.

Mwanakemia wa Glavu

Mimi wageni nawaeleza habari ya Karen Wetterhahn, profesa wa kemia wa Chuo cha Dartmouth, Marekani. Agosti 1996 matone machache ya zebaki ya dimethili yalidondokea glavu zake za lateksi. Alikuwa mtaalamu wa sumu za metali, alikuwa ndani ya kabati, amevaa alichoambiwa avae. Dalili zilianza miezi kadhaa baadaye, na alifariki Juni 1997. Majaribio yaliyofanywa baadaye yalionyesha kemikali ile inapenya glavu za aina hiyo ndani ya sekunde 15 au chini ya hapo.

Ninachotaka wageni wakisikie ni hiki: wenzake waliandika barua ya kuwaonya wanakemia wengine kuhusu zile glavu wakati yeye bado yu hai kitandani. Hawakungoja mwisho. Baada ya kisa hicho namwambia mgeni akague jedwali la glavu kwa kila kemikali mpya, na akidondokewa avue glavu hapo hapo, asimalizie kwanza alichokuwa anafanya.

Mgeni wa Wiki ya Pili

Samahani wakubwa zangu, naomba niseme kwa upande wetu. Kwenye mafunzo tuliambiwa "toeni taarifa bila woga". Lakini fomu ina mstari wa kwanza: JINA LA ALIYESABABISHA. Mimi niko kwenye miezi ya majaribio. Nani ataandika?

Msimamizi wa Zamu

Umesema kweli, na kwetu mstari huo ulikuwepo. Tuliutoa. Sasa kuna maswali manne: nini kilitokea, wapi na saa ngapi, nini kingeweza kutokea, na nini kilikizuia. La mwisho ndilo ninalolisoma kwanza. Mtu akiandika "bahati tu", najua hapo hakuna kinga yoyote, na ndipo ninapoanzia. Nilijaribu pia sanduku la karatasi zisizo na jina. Taarifa ziliongezeka, ila nyingi hazikunisaidia, maana huwezi kumrudia mtu ukamuuliza ni chupa ipi. Mpaka leo sijui lipi bora.

Zamu ya Usiku

Sanduku libaki. Bora taarifa nusu kuliko kimya.

Mleta mada

Nimejaribu kuyajibu hayo maswali manne kwa tukio langu. "Chupa ya taka yenye mabaki yasiyojulikana ilipata joto na kuzomea baada ya kumiminiwa asidi ya naitriki. Kabati la pili, saa 5 asubuhi. Ingeweza kupasuka. Kilichozuia: niliisikia kwa bahati." Imenichukua dakika mbili. Chupa zote zenye lebo ile zingeondolewa jioni hiyo.

Mgeni wa Wiki ya Pili

Basi naomba niulize. Leo mchana nimeona dumu la plastiki la taka kwenye stoo ya kemikali, limevimba ubavuni. Lebo imefutika, imebaki tarehe tu. Sikuligusa. Nilidhani ndivyo yanavyokuwa.

Fundi Sanifu Mstaafu

Ulifanya vizuri kutoligusa. Dumu likivimba lina gesi inayozalishwa ndani. Usirudi kuliangalia na usimtume mtu akalifungue. Mpigie msimamizi wako sasa hivi, usingoje asubuhi. Mwambie ni rafu gani, na pembeni yake kuna nini.

Mgeni wa Wiki ya Pili

Nimempigia. Hakuniuliza kwa nini nimechelewa, ameuliza rafu tu. Wanafunga stoo usiku huu, na mtu wa taka za kemikali anakuja saa 1 asubuhi. Ameniambia niwepo niwaonyeshe kwa mbali.