Jedwali la wateja wanaorudi: nihesabu kwa mwezi wa kalenda au siku 30?

MamaUji: Nauza unga wa lishe. Leo ni Mei 9, nimepanga wateja kwa mwezi walionunua mara ya kwanza, na asilimia ya walionunua tena mwezi wa 1, wa 2 na kuendelea baada ya hapo. Huku mwisho kote ni kwekundu, asilimia zimeanguka. Wamenikimbia?

```
         0     1    2    3    4
Jan 120  100%  40%  30%  28%  9%
Feb  90  100%  40%  31%  9%
Mac 300  100%  20%  7%
Apr 110  100%  11%
```

Kijana_Excel: Dada, achana na kalenda. Aliyeanza Januari 30 akarudi Februari 2 umemhesabu karudi "mwezi wa 1", kumbe ni siku tatu. Tumia siku 30, B2 iwe tarehe ya kwanza, C2 ya oda:

```
=INT((C2-B2)/30)
```

MzeeTakwimu: Fomula ni sahihi, ila wekundu haitauondoa. Fuata mshazari: 9, 9, 7, 11. Visanduku vyote vinne ni Mei, na Mei ina siku tisa tu. Ukihamia siku 30 ndiyo utasubiri zaidi, maana aliyeanza Aprili 20 leo ana siku 19, na kisanduku chake cha 1 kitafungwa Juni 18. Mimi ningebaki na kalenda, nifute mshazari wa mwisho mpaka mwezi uishe. Ukitaka jibu leo, angalia kundi la Februari: kufikia Machi 9 walikuwa wamerudi wangapi?

GesiMtaani: Mimi nauza gesi. Mtungi wa wateja wangu unakaa wiki sita hivi, kwa hiyo jedwali la mwezi lilinionyesha mtu haji, anakuja, haji. Nikaweka siku 45, likatulia. Mwenzangu paketi yako inaisha lini?

MamaUji: Paketi ni wiki nne. Mzee, nimehesabu: kufikia Machi 9 walirudi 10 kati ya 90, yaani 11%. Sawa kabisa na Aprili!

Kijana_Excel: Basi hakuna tatizo.

MzeeTakwimu: Lipo. Shuka na safu ya 1: 40, 40, halafu 20. Hiyo ni Aprili nzima, haina kisingizio cha mwezi kutoisha. Na lile kundi lina watu 300, mara mbili na nusu ya Januari. Machi ulifanya nini?

MamaUji: Nilitoa ofa, ukinunua paketi moja ya pili nusu bei. Wengi walibeba mbili.

GesiMtaani: Wanapenda ofa tu hao, hawarudi.

MzeeTakwimu: Au bado wanakula paketi ya pili. Aliyebeba mbili Machi 20 unga umemfikisha karibu Mei 15, Aprili angerudia nini? Watenganishe waliochukua moja na waliochukua mbili, kila kundi na mstari wake. Wa paketi moja nao wakiwa 20%, basi paketi ya pili siyo sababu.

MamaUji: Daftari la oda halionyeshi nani alichukua mbili. Naanza kupekua risiti za simu.