Mrejesho: ankara ya Machi kwenye Odoo

Swali langu lilikuwa: "Ankara imeshapostiwa Machi kwa mteja asiyehusika. Niibatilishe au nitoe krediti noti?"

Wakuu, asanteni, limeisha. Cancel hutokea tu ukishabonyeza Reset to Draft, na hapo maingizo ya Machi yanatoka kwenye leja. Ankara ilikuwa ya milioni 1, na juu yake VAT 180,000, na ritani ya Machi ilishakwenda TRA. Ningebatilisha, VAT kwenye leja ingepungua 180,000 kulinganisha na ritani, huku mteja bado ana nakala mkononi. Mkaguzi angeanzia hapo hapo.

Nikabonyeza Credit Note, nikaweka tarehe ya Aprili, nikachagua Reverse, kisha Confirm. Mauzo yakadebitiwa milioni 1, VAT 180,000, deni la mteja likakreditiwa 1,180,000. Machi haikuguswa. Ankara ya zamani inasomeka Reversed, na krediti noti inaitaja kwa namba. Mteja halisi kapewa ankara mpya.

Cancel naiachia ankara ambayo haijatoka ofisini na mwezi wake haujafungwa. Mhasibu mkuu nimemwomba afunge tarehe hadi 31 Machi, maana vijana wetu wanaipenda mno Reset to Draft.